Kumbikumbi wa Meza ya Nne

Wanafunzi wangu huniita Pilipili, na wanadhani sijui. Najua, na sikasiriki, maana jina lenyewe limenikaa. Nafundisha baiolojia, nina umri wa miaka arobaini na minne, na hasira zangu ziko karibu kama mkono na mfuko. Sema neno lisilo na maana darasani kwangu uone. Naanza hivi ili anayesoma ajue kwamba mtu aliyekosea katika habari hii si mpole aliyeteleza kidogo. Ni mimi, mdomo wazi, kalamu nyekundu mkononi.

Kila mwaka nawapa wanafunzi wa mwaka wa mwisho karatasi ya zoezi kuhusu uainishaji wa viumbe hai. Ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza kuna wadudu sita kwenye visahani, wamepewa herufi A mpaka F, na pembeni kuna ufunguo wa utambuzi: hatua tano, kila hatua ina njia mbili tu, unachagua moja kwa kumtazama mdudu, nayo inakupeleka hatua nyingine mpaka ufike kwenye jina. Jina lenyewe ni la kisayansi, la maneno mawili. La kwanza ni la jenasi, linaanza kwa herufi kubwa. La pili ni la spishi, linaanza kwa herufi ndogo. Ukiandika kwa mkono unapiga mstari chini ya kila neno peke yake. Ukiusahau mstari, alama imekwenda. Sehemu ya pili ni ya kupanga ngazi, kuanzia himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi mpaka spishi, na maswali mengine ya kuwakaanga.

Karatasi ile niliitunga mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kazini, nikajivunia kama mtu aliyejenga nyumba. Miaka kumi na mmoja sikuibadilisha hata nukta. Juu kabisa, kwa herufi nzito, niliandika amri ambayo niliipenda kuliko yote: TUMIA UFUNGUO PEKE YAKE. USIANDIKE UNACHOKIJUA, ANDIKA UNACHOKIONA.

Mwaka huu darasa lilikuwa na watu thelathini, na mmoja wao alikuwa Shangazi. Si shangazi yangu. Ni jina walilompa vijana kwa sababu alikuwa na miaka thelathini na saba na watoto wawili, na alikuwa akiwakemea wakitupa karatasi chini. Shule yetu hupokea watu wazima wanaotaka kumalizia masomo waliyoyaacha, na yeye aliyaacha akiwa na miaka kumi na sita. Kazi yake asubuhi ilikuwa kupiga deki katika zahanati. Alianza na korido, baadaye akapewa chumba cha maabara, na humo ndimo alimoanza kutaka. Alipokuwa akifuta meza, mpimaji mmoja alimruhusu siku moja aangalie kwenye darubini. Aliniambia alichungulia mara moja tu, na siku hiyo alirudi nyumbani akikosea njia. Tangu hapo alitaka chuo cha wapimaji wa maabara, wala hakutaka kingine.

Chuo hicho huchukua wanafunzi kila baada ya miaka miwili. Wanataka fomu iliyojazwa na mwalimu wa baiolojia na kusainiwa na mkuu wa shule, na alama za zoezi la vitendo zisiwe chini ya sitini kwa mia. Mwisho wa kupeleka fomu ulikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri, kwa mkono, ofisini kwao. Ukichelewa, subiri miaka miwili tena. Na Shangazi alikuwa amekwisha kusubiri mara moja.

Zoezi tulifanya Jumanne. Nilisahihisha Jumatano na Alhamisi, nikapeleka alama kwa mkuu na kuwarudishia karatasi zao jioni hiyo. Shangazi alipata ishirini na tatu kati ya arobaini. Alitakiwa ishirini na nne.

Nasema kweli, niliumia. Lakini kabla ya kujumlisha, nilipofikia kielelezo D kwenye karatasi yake, nilikuwa nimeshikwa na hasira. D alikuwa kumbikumbi. Kila mtu anamjua kumbikumbi. Mvua ikinyesha wanajaa kwenye taa, asubuhi unafagia mabawa mlangoni. Jibu lilikuwa Macrotermes bellicosus, na darasa zima walikuwa wamelipata. Yeye aliandika Cimex lectularius, mistari miwili safi chini yake, imenyooka kama ya rula. Cimex lectularius ni kunguni. Kwenye F, ambako kunguni alikuwako kweli, aliandika Cimex lectularius tena, yaani alikuwa ameniletea kunguni wawili. Nikapiga alama ya mkasi, nyekundu, ya kosa, kwa nguvu, karatasi ikatoboka, nikaandika pembeni: "Kunguni? Mtu mzima?"

Hayo ndiyo maneno niliyoyaandika. Nayaona aibu hata sasa.

Ijumaa saa nne, wakati wa mapumziko, alikuja ofisi ya walimu. Alisimama mlangoni akiwa na karatasi na fomu, hakuingia mpaka nilipomwita.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nilimpita miaka saba tu, lakini shuleni hakuiacha salamu hiyo hata siku moja. "Marahaba, Shangazi. Kaa."

Hakukaa. "Nimekuja kuhusu D."

Nilikuwa nimejiandaa. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimejipa ruhusa ya kuwa mwema. Nikamwambia, kwa ile sauti ya mtu anayetoa zawadi, "Sikiliza. Umepungukiwa alama moja. Karatasi yako ni safi, mwandiko mzuri. Nitakuongezea moja ya usafi, iwe ishirini na nne, fomu nitaijaza sasa hivi, na hili tusilizungumze tena."

Nilitegemea machozi, au angalau asante. Yeye akaitazama karatasi.

"Kuna alama ya usafi, Mwalimu?"

"Hakuna. Nakupa mimi."

"Basi ya huruma siitaki," akasema, taratibu, bila jeuri. "Kama nimekosea, nimekosea. Lakini nionyeshe nilipokosea. Nimeufuata ufunguo hatua kwa hatua, nimerudia nyumbani kichwani mpaka usingizi umenikimbia. Sipaoni."

Hapo pilipili ikanipanda. Kengele ingelia baada ya dakika ishirini, nilikuwa sijanywa chai, na hapa kuna mtu anakataa ngazi ninayomshushia shimoni. "Hupaoni? Umemwita kumbikumbi kunguni!"

"Kunguni namjua, Mwalimu. Amenila miaka mingi kuliko niliyosoma." Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa anajifanya hasikilizi, akacheka ndani ya kikombe chake. Shangazi hakucheka. "Na kumbikumbi namjua. Lakini karatasi imesema nisiandike ninachokijua."

Nilikuwa nimepigwa na fimbo yangu mwenyewe.

"Twende maabara," nikasema. "Nitakuonyesha mbele ya mdudu mwenyewe."

Maabara yetu ni chumba kirefu chenye meza tano za saruji na madirisha yasiyofunga vizuri. Ndani yake anatawala fundi wa maabara, mzee anayeitwa Spiriti kwa sababu ndiyo harufu yake, hata siku ya sikukuu. Hatupi kitu kabla alama hazijasomwa darasani. Hiyo ni sheria yake, na mimi siku zote nilikuwa nikimcheka kwa ajili yake. Visahani vya Jumanne vilikuwa bado rafuni, vimefunikwa, kila kimoja na kibandiko cha meza na herufi.

"Spiriti," nikamwambia, "nipe D."

"D ya meza gani?"

"Ya yoyote. Si ni D?"

Akanitazama kama anavyotazama mtu anayeshika chupa kwa kifuniko. "Mwalimu, meza tano, visahani vitano."

"Meza ya nne," akasema Shangazi.

Spiriti akateremsha kisahani, akanipa kioo cha kukuzia. Niliweka karatasi pembeni nikaanza kwa sauti ya kufundishia, kila neno nikilikata. "Hatua ya kwanza. Moja a: ana mabawa, nenda hatua ya pili. Moja b: hana mabawa, nenda hatua ya nne." Nikainama. "Sasa mdudu huyu..."

Sikumaliza. Kwenye kisahani alilala kumbikumbi mnene, rangi ya kahawia, miguu sita imekunjwa vizuri, na mgongoni hakuwa na bawa hata moja.

Nikamgeuza kwa kibano. Nikamgeuza tena, kana kwamba mabawa yangejificha tumboni.

"Endelea, Mwalimu," akasema Shangazi. Hakusema kwa kejeli. Alitaka kweli kuona alipokosea.

Nikaendelea, sauti imepungua. Hana mabawa, hatua ya nne. Nne a: mwili umebanwa ubavuni, huyo ni kiroboto, Pulex irritans. Huyu hakubanwa. Nne b, nenda hatua ya tano. Tano a: ana kiuno chembamba kati ya kifua na tumbo, huyo ni maji moto, Oecophylla longinoda, yule sisimizi mwekundu wa mitini anayeuma. Huyu hakuwa na kiuno. Kifua na tumbo vilikuwa vimeshonwa pamoja kama gunia. Tano b: hana kiuno chembamba.

Tano b: Cimex lectularius.

Ufunguo wangu, nilioutunga kwa mkono wangu, ulikuwa umemwita kumbikumbi kunguni. Shangazi aliufuata tu kama nilivyomwamuru.

"Lete D ya meza ya kwanza," nikamwambia Spiriti. Akaleta. Huyo alikuwa na mabawa yake manne, marefu, yanalingana. Meza ya pili, mabawa. Ya tatu, mabawa, ingawa moja lilikuwa limelegea na likabaki kwenye kibano nilipoligusa. Ya tano, mabawa. Ni meza ya nne peke yake.

"Meza ya nne nilichota mwisho," akasema Spiriti, akikuna kidevu. "Chini kabisa ya chupa kubwa. Hao wa chini husuguana, mabawa hukatika. Nilijua ni haohao, nikaona hakuna neno." Akainua chupa kubwa akaielekeza dirishani. Chini ya spiriti kulikuwa na tabaka la mabawa, mengi, membamba, yamelala kama maganda ya kitunguu.

Alivyosema ndivyo ilivyo. Kumbikumbi ameumbwa kuyaacha mabawa. Anaruka siku moja, anatua, anayavunja kwenye mstari ulioko karibu na mgongo, anaingia ardhini kuanza maisha mengine. Hilo nalifundisha. Nalifundisha muhula wa pili kila mwaka, kisha muhula wa tatu nawapa ufunguo ambao hatua yake ya kwanza inasimama juu ya mabawa hayohayo. Ufunguo mzuri unashika kitu kisichobadilika kwa mdudu. Mimi nilishika kitu ambacho mdudu mwenyewe anakitupa.

"Na hivi, Mwalimu?" Shangazi akanyoosha kidole bila kumgusa mdudu. "Hivi vinne?"

Nikaweka kioo tena. Mgongoni, palepale mabawa yalipokuwa, palikuwa na visiki vinne vidogo vya pembetatu, viwili mbele, viwili nyuma. Bila kioo huvioni.

"Ulivionaje?"

"Niliangalia," akasema. Kisha, kama mtu anayekiri kosa: "Niliandika nyuma ya karatasi. Sikutaka kuchafua pembeni."

Nikaigeuza karatasi yake. Sikuwa nimeigeuza. Nasahihisha upande mmoja, jibu na jibu, kama mtu anayepukuchua mahindi. Nyuma kulikuwa na mistari mitatu kwa penseli: "Kielelezo D kina visiki vinne mgongoni, kama kitu kimevunjika. Mabawa sikuyaona, kwa hiyo nimekwenda 1b. Nadhani ni kumbikumbi, lakini ufunguo umenifikisha kwa kunguni. Naomba Mwalimu aangalie."

Naomba Mwalimu aangalie. Na Mwalimu alikuwa amechora mkasi.

Nilivuta stuli nikakaa. Spiriti, ambaye ana adabu zake, akaenda kupanga vitu visivyohitaji kupangwa. Nilitaka kusema samahani, lakini sikuisema, na si kwa kiburi tu. Kuna kitu kingine kilikuwa kimeanza kunitembea kichwani, na kilikuwa kibaya zaidi.

"Shangazi. Meza ya nne mlikuwa wangapi?"

"Sita."

"Mdudu mmoja?"

"Huyuhuyu. Tulipokezana kioo."

Sita. Na watano wengine walikuwa wamepata D. Waliandika njia yao yote, kama ninavyotaka: moja a, ana mabawa, mbili b, jozi mbili za mabawa, tatu a, jozi zote zinalingana urefu. Watano walipima urefu wa mabawa ambayo hayakuwepo, nami nikawapigia vema, mojamoja, na mmoja nikamwandikia "Safi sana".

Kengele ikalia. Kipindi kilikuwa cha darasa lilelile, na wakaanza kuingia wakisukumana. Nikawaita watano wa meza ya nne mbele, nikawaonyesha kisahani. Sikupiga kelele. Nadhani hilo ndilo lililowatisha.

"Mabawa yako wapi?"

Wakatazamana. Wakatazama chini. Mwishowe msichana mmoja mrefu, ambaye siku zote hukaa mbele na huwa wa kwanza au wa pili, akasema, "Mwalimu, D ni Macrotermes kila mwaka. Kaka yangu alifanya, na dada yetu. A nzi, B nyuki, C kiroboto, D kumbikumbi. Tunaikariri toka kidato cha kwanza."

Darasa zima likacheka, kicheko cha hofu. Nikawaangalia wote thelathini. Nilikuwa nimewafundisha kwa miaka kutazama, na wao walikuwa wamejifunza kunitazama mimi. Mmoja tu ndiye aliyemtazama mdudu, na huyo ndiye niliyemfelisha.

Niliwaambia hivyo hivyo. Nikasema: "Karatasi ina kosa. Kosa ni langu. Shangazi ameliona na kuliandika, mimi sikusoma. Shangazi, nakuomba radhi, hapa, mbele ya wenzako. Na asante." Ilitoka ghafla na kwa ukali, kama ninavyomwamuru mtu afunge dirisha, lakini ilitoka. Yeye akainamisha kichwa, akasema tu, "Haya, Mwalimu," na mikono yake ilikuwa inaikunja fomu kona, inaikunjua, inaikunja.

Saa ilikuwa tano kasoro. Nikawaachia kazi ya kuchora, nikamchukua Shangazi tukaenda kwa mkuu wa shule.

Mkuu wetu ni mtu mwema anayechukia makaratasi kuongezeka. Alisikiliza, akavua miwani. "Alama zimeshaingia. Kuzibadilisha kunataka barua ya mwalimu, na barua inabaki kwenye faili lako daima. Mwalimu, anapungukiwa moja. Mpe moja ya mwandiko, tusaini, yaishe."

Ajabu, ndiyo ileile niliyokuwa nimeitoa saa moja kabla, na sasa ilinichefua. "Hakupungukiwa na mwandiko, Mkuu. Alama tatu za D ni zake. Atakuwa na ishirini na sita. Naomba karatasi ya barua."

"Una hakika?"

"Kalamu pia, yangu ni nyekundu."

Wakati naandika, nilimpa Shangazi karatasi nyingine, nikamwambia atengeneze hatua ya kwanza upya. Nilitaka kuiambatisha na barua. Aliinama kwenye kona ya meza ya mkuu, ulimi umetokeza kidogo kama mtoto anayeandika jina lake. Aliandika: "1a. Ana mabawa, au visiki vya mabawa mgongoni. 1b. Hana mabawa wala visiki." Kisha akasita.

"Mwalimu, hatua ya tatu itamkwamisha tena. Inauliza urefu wa mabawa. Mwenye visiki hana urefu."

Sikuwa nimefika huko. Mimi, mwenye ufunguo. "Utafanyaje?"

Akafikiri, akatembeza kidole kwenye hatua. "Hapo tatu wamebaki kumbikumbi na nyuki tu. Nyuki ana kiuno. Kumbikumbi hana. Kiuno hakikatiki."

"Kiandike," nikasema, na ilinibidi nitazame pembeni.

Mkuu alisoma barua yangu, akasoma ufunguo mpya, akarekebisha alama kwa mkono wake. Akasaini fomu, akagonga muhuri. Ilibaki sehemu yangu. Ina swali moja refu: "Taja jambo moja alilolifanya mwombaji darasani linaloonyesha kuwa anafaa kwa kazi ya maabara." Miaka yote huwa naandika "Ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu," naandika bila kufikiri, mkono unajua njia wenyewe. Safari hii nilikaa nayo. Kisha nikaandika: "Alipewa ufunguo wenye kosa. Aliufuata kama alivyoagizwa, akaandika alichokiona, na akaandika kwamba alichokiona hakilingani na jibu. Mwenye kosa ni mimi niliyetunga ufunguo. Kielelezo kilipita mikononi mwa watu sita. Aliyekitazama ni yeye."

Aliisomea koridoni, amesimama. Akaisoma tena. Kisha akakaa kwenye ngazi, fomu magotini, akalia bila sauti, na mimi nikakaa ngazi ya chini yake, maana sikujua pa kujiweka.

"Mwalimu, hii wataisoma watu."

"Waisome. Ondoka, saa sita inakaribia."

"Asante, Mwalimu. Mungu akuzidishie."

"Usinishukuru mimi!" Nilifoka, na walimu wawili wakachungulia mlangoni. Nikashusha sauti. "Usinishukuru. Nenda kapeleke."

Akaenda, karibu anakimbia, akiwa ameikumbatia fomu kifuani. Saa nane na nusu alipiga simu ya ofisi ya shule kusema imepokelewa. Baada ya wiki tatu orodha ilitoka na jina lake lilikuwa la tisa. Siku hiyo nilinunua soda za darasa zima, na Spiriti akanywa mbili.

Lakini jioni ya Ijumaa ile, wote walipokwisha kwenda, nilibaki maabara na ile chupa kubwa. Meza tano, miaka kumi na mmoja, na kila mwaka kuna meza inayochotewa mwisho. Nikajaribu kukumbuka. Nakumbuka, kwa mbali sana, mikasi mingine niliyoichora kwenye D, na kunguni wengine walioandikwa vizuri, na mimi nikicheka nao ofisini nikiwasomea wenzangu. Nyuso sizikumbuki. Waliandika walichokiona, wakaona mkasi, wakadhani macho yao ndiyo mabovu, wakaenda zao. Hao siwezi tena kuwapata niwaombe radhi.

Huyu mmoja alirudi kuuliza. Alikataa alama yangu ya bure, akasimama mlangoni mpaka nikainuka kwenye kiti. Namshukuru kwa hilo kuliko nilivyowahi kumshukuru mtu yeyote, na sasa, kila karatasi inayofika mezani kwangu, kabla sijashika kalamu, naigeuza kwanza nyuma.